Hisa Mia Tisa kwa Dola Mbili: Kinga ya Muuzaji wa Opsheni

Tarehe 26 Aprili 1973 soko la opsheni za hisa lilifunguliwa Chicago. Siku hiyo ya kwanza ziliuzwa opsheni za kununua peke yake, za kampuni 16 tu, na hadi jioni ilikuwa imeuzwa mikataba 911. Wiki chache baadaye Fischer Black na Myron Scholes wakachapisha makala yao katika jarida la *Journal of Political Economy*, yenye kanuni ya kukadiria bei ya opsheni. Haukupita muda mrefu, kampuni ya Texas Instruments ikaanza kuuza kikokotoo kilichobeba kanuni hiyo. Black alisimulia baadaye kwamba aliiuliza kampuni kama atalipwa chochote, akajibiwa kuwa kazi yake imeshakuwa mali ya umma. Akaomba basi wampe japo kikokotoo kimoja. Wakamshauri akanunue. Hakununua.

Kikokotoo hicho kilikuwa kikitoa majibu mawili. La kwanza ni bei ya opsheni, na hilo ndilo watu wengi wanalokumbuka kanuni ya Black na Scholes inapotajwa. La pili ni idadi ya hisa ambazo aliyeuza opsheni anapaswa kuzishika ili asiumie bei ikipanda. Jibu hilo la pili huitwa delta. Mhadhara huu unalihusu hilo, na hasa unahusu tabia yake moja inayowasumbua wauzaji: delta ikishapatikana asubuhi, bei ikisogea kidogo tu, haifai tena.

Opsheni ya kununua ni haki anayoinunua mtu ya kuja kununua hisa kwa bei iliyopangwa leo, kabla ya tarehe ya ukomo au siku yenyewe. Anayeinunua hulipa ada mara moja, na hasara yake haiwezi kuzidi ada hiyo. Anayeiuza yuko upande mgumu zaidi. Amepokea ada, lakini hisa ikipaa atatakiwa kuitoa kwa bei ya zamani, na kupaa kwa hisa hakuna dari. Ndiyo maana mtu anayeuza opsheni kama kazi yake ya kila siku halali na deni hilo likiwa wazi. Hununua baadhi ya hisa zenyewe, ili kile anachopoteza kwenye opsheni akipate kwenye hisa.

Swali ni anunue hisa ngapi. Akinunua zote, bei ikishuka ataumia kwa hisa asizohitaji. Asiponunua hata moja, bei ikipanda ataumia kwa opsheni. Delta humpa kiasi cha kati: kama opsheni hupanda senti 52 kila hisa inapopanda dola moja, basi hisa 52 hufidia opsheni inayohusu hisa 100.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao hadi mwisho. Muuzaji mmoja wa Chicago ameuza mikataba 100 ya opsheni za kununua. Kila mkataba unahusu hisa 100, kwa hiyo deni lake lote ni la hisa 10,000. Hisa iko dola 100 sokoni, na bei iliyopangwa kwenye mkataba ni dola 100 vilevile. Zimebaki siku 21 za soko kufika ukomo, yaani mwezi mmoja wa kazi. Muuzaji anakadiria kwamba bei ya hisa hii huyumba kwa asilimia 30 kwa mwaka. Riba tunaiweka kando, na gawio hakuna, kwa sababu vyote viwili vingeongeza hesabu bila kubadili hoja.

Kwa makadirio hayo kanuni inasema opsheni ya hisa moja ina thamani ya takriban dola 3.45. Yeye ameiuza dola 3.60. Amepokea dola 36,000 kwa kitu ambacho hesabu yake inakipa thamani ya dola 34,540, na tofauti ya dola 1,460 ndiyo faida anayoitarajia mwezi ukiisha. Si fedha nyingi kwa deni la hisa zenye thamani ya dola milioni moja, na haijaingia mfukoni bado. Mwezi mzima ujao ni kazi ya kuilinda.

Delta inapatikana hivi, pale riba ikiwa sifuri:

```
d1 = [ln(S/K) + 0.5·σ²·T] / (σ·√T)
delta = N(d1)
```

S ni bei ya hisa, K ni bei iliyopangwa, σ ni kiwango cha kuyumba, na T ni muda uliobaki kwa hesabu ya miaka, hapa 21/252, maana mwaka wa soko una siku 252 hivi. N ni jedwali la kawaida la takwimu ambalo kila mwanafunzi wa chuo amewahi kulifungua. Kwa muuzaji wetu jibu ni 0.517. Anazidisha kwa 10,000, ananunua hisa 5,170 kwa dola 100 kila moja, na gharama yake ni dola 517,000. Ada aliyopokea inalipa 36,000 kati ya hizo. Zilizobaki, dola 481,000, anazikopa.

Sasa yuko sawa. Hisa ikipanda senti tano, opsheni alizouza zinamla karibu dola 259 na hisa zinamrudishia dola 258 na nusu. Ikishuka senti tano ni kinyume chake. Kwa mwendo mdogo namna hiyo, hana upande anaouombea.

Lakini hisa hazisogei kwa senti tano tano. Saa moja baada ya kununua, bei inafika dola 102.

Opsheni sasa ina thamani ya dola 4.58. Kwa hisa 10,000, deni lake limekua kutoka dola 34,540 hadi dola 45,790, ongezeko la dola 11,250. Hisa zake 5,170 zimepata dola 2 kila moja, jumla dola 10,340. Amepungukiwa dola 910. Kinga iliyokuwa sawasawa kabisa asubuhi imemwacha na pengo, na hakuna aliyekosea hesabu.

Pengo hilo limetokea njiani. Wakati bei ikiwa dola 100, opsheni ilikuwa ikipanda kwa kasi ya senti 51.7 kwa kila dola ya hisa. Ilipofika 101 kasi ilikuwa imeongezeka, na ilipofika 102 ilikuwa senti 60.7. Hisa alizoshika hazikubadilisha kasi yao. Hisa 5,170 hubaki 5,170. Kwa hiyo safari nzima ya kutoka 100 hadi 102 deni lilikuwa likikimbia haraka kidogo kuliko mali inayolifidia, na umbali ulizidi kukua kadiri mwendo ulivyoendelea. Kasi hii ya kubadilika kwa delta ndiyo wafanyabiashara wanaiita gama. Kwa mikataba yetu 100, gama ni kama hisa 460 kwa kila dola moja ya mwendo. Na pengo lenyewe hukadiriwa kwa kuchukua nusu ya gama na kuizidisha kwa mraba wa mwendo: nusu ya 460 mara 4 ni 920, karibu sana na zile dola 910 za kweli.

Neno la kuzingatia hapo ni mraba. Mraba wa mbili chanya na mraba wa mbili hasi ni kitu kimoja. Tuseme bei badala ya kupanda ingeshuka hadi dola 98. Opsheni ingeshuka hadi dola 2.51, na deni lingepungua kwa dola 9,420. Hisa zake zingepoteza dola 10,340. Pengo: dola 920. Mtu aliyeuza opsheni ya kununua, ambaye kila mtu angedhani anaogopa kupanda tu, akishajikinga kwa delta anaumizwa na kushuka kwa kiasi kilekile. Mwelekeo umeshaondolewa kwenye biashara yake. Kilichobaki ni ukubwa wa mwendo.

Turudi kwenye dola 102. Delta mpya ni 0.607, kwa hiyo anahitaji hisa 6,070. Anazo 5,170. Ananunua 900 zaidi kwa dola 102 kila moja, anakopa dola 91,800 nyingine, na anakuwa sawa tena, hadi mwendo ujao.

Mchana bei inarudi dola 100.

Opsheni inarudi dola 3.45, deni linapungua kwa dola 11,250. Hisa zake, ambazo sasa ni 6,070, zinapoteza dola 12,140. Pengo jingine la dola 890. Delta imerudi 0.517, hivyo hisa 900 alizonunua asubuhi hazihitajiki tena, anaziuza kwa dola 100. Jioni, hisa iko palepale ilipokuwa asubuhi, opsheni iko palepale, hisa alizoshika ni zilezile 5,170, na fedha zake zimepungua kwa dola 1,800. Mtu akitaka kuhakiki bila kanuni yoyote, aangalie tu risiti: alinunua hisa 900 kwa dola 102, akaziuza kwa dola 100.

Kununua ghali na kuuza rahisi ndiyo kazi ya kila siku ya muuzaji wa opsheni anayejikinga. Bei ikipanda delta inamwambia nunua, ikishuka inamwambia uza. Mwanafunzi akiiona hesabu hii kwa mara ya kwanza huuliza kwa nini mtu mwenye akili zake aifanye, na swali hilo ni zuri kuliko majibu mengi anayopewa.

Jibu ni muda. Wakati muuzaji anahangaika na hisa zake, opsheni alizouza zinachakaa. Kila siku inayopita bila mwendo mkubwa inapunguza nafasi ya mnunuzi kufaidika, na thamani ya opsheni inapungua. Kwa mfano wetu mwanzoni mwa mwezi upungufu huo ni kama dola 820 kwa siku kwa mikataba yote 100. Fedha hizo ni za muuzaji. Ada ya dola 36,000 aliyopokea, kwa mtazamo huu, ni mshahara wake wa kununua ghali na kuuza rahisi kwa siku 21, aliolipwa wote mapema.

Hapo sasa kuna hesabu moja inayofaa kubaki kichwani. Mapato ni dola 820 kwa siku, na pengo ni nusu ya 460 mara mraba wa mwendo. Ni mwendo gani unaozifanya namba hizi mbili zilingane? Ni dola 1.89. Na hiyo si namba ya bahati: asilimia 30 ya dola 100 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 252 inatoa 1.89 hiyohiyo. Ndiyo mwendo wa kawaida wa siku moja kwa hisa inayoyumba asilimia 30 kwa mwaka. Siku ambayo bei ikifungwa imesogea chini ya dola 1.89, muuzaji amepata. Ikisogea zaidi, amepoteza. Siku ambayo bei ilipanda hadi 102 na kubaki huko, angepoteza 910, akapata 820, na kufunga na hasara ndogo ya dola 90 hivi. Siku ambayo bei ilipanda kisha ikarudi, naye akarekebisha kinga mara zote mbili, ilimla 1,800 dhidi ya 820.

Ndiyo kusema kwamba aliyeuza opsheni na kujikinga kwa delta amebadilisha kamari yake. Hakuna tena swali kama hisa itapanda au itashuka. Anachobishania ni kiasi cha kuyumba. Aliuza kwa dola 3.60, bei ambayo ni sawa na kuyumba kwa asilimia 31 na kidogo. Ikiwa kweli hisa itayumba asilimia 30, ile faida ya dola 1,460 ndiyo anayoweza kuitarajia, kabla ya gharama. Ikiyumba asilimia 35, atapoteza hata kama mwezi utaisha bei ikiwa dola 100 kamili na opsheni zikafa bila kutumika. Hili huwashangaza wengi: mnunuzi hakupata kitu, na muuzaji naye amepata hasara. Fedha zimekwenda kwa wale waliomuuzia hisa ghali na kuzinunua kwake rahisi.

Mtu anaweza kusema: basi asingerekebisha asubuhi ile. Angekaa na hisa zake 5,170, bei ingerudi 100, na asingepoteza hata senti. Ni kweli. Lakini bei ingeweza pia kuendelea hadi 104, na pengo la mwendo wa dola 4 ni mara nne, si mara mbili, ya pengo la dola 2. Kanuni ya Black na Scholes, na hasa namna Robert Merton alivyoieleza, inadhani muuzaji anarekebisha kila nukta ya muda bila kukoma na bila gharama. Hakuna anayeweza. Kila akinunua hulipa bei ya juu ya dalali na kila akiuza hupokea bei ya chini. Kwa hisa kubwa ya New York tofauti hiyo ni senti moja au mbili, lakini kwa hisa isiyo na wanunuzi wengi inaweza kula faida yote ndani ya wiki.

Kwa hiyo wengine hurekebisha mara moja kwa siku, kabla soko halijafungwa. Wengine hujiwekea mpaka, tuseme hisa 500 kwa deni kama la mfano wetu, na hawagusi kitu hadi delta iwe imetofautiana na mali kwa kiasi hicho. Njia ya mpaka kwa kawaida ni bora, kwa sababu inafuata bei badala ya saa. Ila mpaka mpana unampa muuzaji faida nzuri siku za bei inayokwenda na kurudi, na siku ya bei inayokwenda moja kwa moja unamwadhibu. Kuchagua mpaka ni kuchagua aina ya hasara.

Kuna jambo jingine la kuangalia kila jioni, na ndilo linalotofautisha ofisi makini na nyingine. Muuzaji anayajua mapema mambo mawili: pengo la mwendo na mapato ya muda. Siku ya kupanda hadi 102, jumla yao ni hasara ya dola 90. Daftari likionyesha hasara ya 90, au 110, hakuna la kuuliza. Likionyesha hasara ya 1,190, kuna kitu kimetokea ambacho si mwendo wa hisa. Mara nyingi ni kwamba soko limebadili mawazo kuhusu kuyumba: kila pointi moja ya asilimia ikiongezeka, mikataba hii 100 inapanda kwa karibu dola 1,100, na hisa haziwezi kufidia hata senti ya hiyo. Delta haina dawa ya ugonjwa huo. Zaidi ya hapo, makadirio ya kuyumba yanaingia ndani ya delta yenyewe. Muuzaji mwingine anayeamini asilimia 25 badala ya 30 angehesabu, kwa bei ileile ya dola 102, kwamba anahitaji hisa 6,220, si 6,070. Wote wawili wanaweza kudai wako sawasawa, na bado wana tofauti ya hisa 150.

Kadiri ukomo unavyokaribia, hali huwa kali zaidi. Siku moja kabla ya mwisho, hisa ikiwa bado iko dola 100, delta ni 0.504 na muuzaji ameshika hisa 5,040. Bei ikipanda hadi 102, delta inaruka hadi 0.855. Mwendo uleule wa dola 2 ambao mwanzoni mwa mwezi ulidai hisa 900, sasa unadai 3,510. Gama imetoka 460 hadi zaidi ya 2,100. Mapato ya muda nayo yamekua sana, kwa hiyo biashara haijawa mbaya kwa wastani; imekuwa ya kupata kingi au kupoteza kingi ndani ya mchana mmoja. Ikiwa hisa iko mbali na bei iliyopangwa, tuseme dola 110 au dola 90, hakuna shida hiyo: delta imeshakuwa moja au sifuri na haiendi popote.

Linganisha na soko la Nairobi, lililoanzisha mikataba ya siku zijazo Julai 2019, kwa faharasa na kwa hisa za kampuni moja moja kama Safaricom. Aliyeuza mkataba wa siku zijazo wa hisa 1,000 hujikinga kwa kununua hisa 1,000, na kinga hiyo inamtosha, bei ipande, ishuke au irudi, kwa sababu deni lake linakwenda kwa kasi moja. Gama ni sifa ya opsheni. Nayo hutokana na ile haki ya mnunuzi ya kukataa.

Yote yaliyosemwa hadi hapa yanadhani kwamba bei inapita kila kituo njiani, ili muuzaji apate kununua akiwa safarini. Isipopita, hesabu ni nyingine. Tuseme kampuni inatangaza habari njema usiku na asubuhi soko linafunguliwa dola 115. Opsheni sasa ina thamani ya dola 15.21. Deni limeongezeka kwa dola 117,560, hisa 5,170 zimepata 77,550, na pengo ni dola 40,010. Ada yote ya mwezi, dola 36,000, haitoshi kulifidia. Hakufanya kosa lolote la kurekebisha. Hakupewa nafasi ya kurekebisha.

Mfano mkubwa wa soko lisilosubiri ni Jumatatu ya tarehe 19 Oktoba 1987, siku faharasa ya Dow Jones ilipoanguka pointi 508, asilimia 22.6. Kabla ya hapo mashirika makubwa ya Marekani yalikuwa yamenunua kitu kilichoitwa bima ya mali, kilichosambazwa hasa na kampuni ya Hayne Leland, John O'Brien na Mark Rubinstein. Haikuwa bima ya kweli wala opsheni ya kweli. Ilikuwa ahadi ya kufuata delta: soko likishuka, uza kidogo, likishuka zaidi, uza zaidi. Yaani ile kazi ya muuzaji wetu ya kuuza rahisi, ikafanywa kwa mabilioni, na ikafanywa na wengi kwa wakati mmoja. Hesabu ilidhani kuna mnunuzi wa kila hatua. Jumatatu hiyo bei zilishuka kwa kuruka, amri za kuuza zikazidi wanunuzi, na waliodhani wamejikinga waligundua kwamba mauzo waliyopangiwa na delta hayafanyiki kwa bei ambayo delta ilihesabiwa.

Hisa haiwezi kuondoa gama, kwa kuwa yenyewe haina gama. Kinachoweza ni opsheni nyingine. Muuzaji wetu anaweza kununua mikataba 50 ya opsheni yenye bei iliyopangwa ya dola 105, ambayo kwa makadirio yaleyale ina thamani ya dola 1.59. Inamgharimu kama dola 7,900. Gama yake inashuka kutoka 460 hadi takriban 260, hisa anazohitaji zinapungua hadi kama 3,660, na usiku ule wa dola 115 pengo lake linakuwa dola 17,000 badala ya 40,000. Mapato yake ya muda nayo yanapungua kutoka 820 hadi kama 460 kwa siku. Kila alichopunguza katika hatari amekipunguza vilevile katika mshahara, kwa sababu ni kitu kimoja kinachopimwa kwa vipimo viwili.

Siku hizi hesabu hii ya kununua bei ikipanda inatumiwa sana kueleza hisa zinazopaa ghafla. Januari 2021, hisa ya GameStop, mtandao wa maduka ya michezo ya video, ilifungwa dola 347.51 tarehe 27, na kesho yake ikagusa dola 483 kabla ya kuporomoka. Maelezo yalipatikana haraka: umma umenunua opsheni za kununua, waliowauzia wanajikinga, kila hisa wanayonunua inapandisha bei, na bei ikipanda wanalazimika kununua zaidi. Ni maelezo mazuri na kimantiki hayana kasoro. Oktoba 2021 wataalamu wa Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani walitoa ripoti yao baada ya kupitia kumbukumbu za biashara, na hawakuona ushahidi wa jambo hilo kwa GameStop mwezi ule. Ongezeko la biashara ya opsheni lilitokana zaidi na ununuzi wa opsheni za kuuza, na watengeneza soko kwa jumla walikuwa wakinunua opsheni za kununua, si kuziuza.

Na aliyenunua opsheni za kununua akijikinga hufanya kinyume. Angekuwa muuzaji wetu amenunua mikataba ile 100 badala ya kuiuza, asubuhi angeuza hisa 5,170 alizoazima. Bei ikifika dola 102 angeuza 900 zaidi. Ikirudi dola 100, angezinunua tena na kubaki na dola 1,800, huku akilipa dola 820 kwa siku kwa muda unaopita.